Lubashin: Hakuna Mtu

Lubashin, tarehe 3 Tevet, mwaka 5532 tangu kuumbwa ulimwengu

Kwa mdogo wangu Getzel, karani wa mahakama ya marabi, Rovnitse.

Wewe mzima? Wifi Toibe mzima? Watoto je, yule wa mwisho ameacha kukohoa? Huku tunamshukuru Mungu, ila goti langu limeamua kuzeeka kabla yangu. Binti yetu Peshe anamsalimu mjomba wake, na anaomba usisahau ulimwahidi kitambaa cha shela. Harusi imepangwa mwanzoni mwa Tamuz. Baba wa bwana harusi ni yule msimamizi wa sinagogi letu. Mtu mkavu, lakini kijana wake mzuri na hajui kugombana.

Mkokoteni wa Itche unakuletea mtungi wa mafuta ya bata bukini. Ni ya mabata wanne wa sikukuu ya Hanuka, wanono ajabu. Nimeyayeyusha kwenye sufuria ya Pasaka na mkate wenye chachu haukukaribia hata nyumba, kwa hiyo mwambie Toibe ayafiche ghalani mpaka Pasaka, mwezi wa Nisani. Akiyagusa kabla, nitajua.

Mabata amewachinja shemeji yako mwenyewe, Anshel. Amerudi kutoka safari ya wiki mbili. Alikwenda kununua kinoo.

Nina swali dogo, na usinicheke. Huko mjini mnasemaje juu ya hawa watu wanaojiita wachamungu? Hapa ni maneno ya kisimani tu, hivyo sina haja ya jibu refu.

Dada yako, Zlate

*

Rovnitse, tarehe 11 Shevat

Dada yangu mpendwa Zlate,

Shikamoo. Mtungi umefika bila ufa, na Toibe amenusa kifuniko akacheka peke yake jikoni. Kikohozi cha mtoto kimepungua. Tumepata msiba jirani: mkewe Rabi Zelig, mkuu wa mahakama yetu, amefariki kwa homa. Mzee hana binti wala dada, kwa hiyo sasa anakula kwetu. Anakula kidogo na kwa adabu, ila inachosha kutafuna mbele ya mtu ambaye mchana kutwa ninaandika anachosema.

Umeuliza juu ya wachamungu. Dada, hilo si neno la kisimani tena. Mezani kwangu zimepangwa barua kutoka miji saba. Wanasema watu hao wamejitenga na sinagogi na kusali vyumbani. Wamebadilisha maneno ya sala za baba zetu. Wanachelewesha sala ya asubuhi mpaka saa yake inapita, huku wakivuta kiko ati wanaandaa moyo. Wakisali wanapiga kelele, wanajirusha, wengine wanapindua vichwa chini miguu juu mbele ya sanduku la Torati. Msomi aliyekesha miaka thelathini juu ya vitabu wanamwita gogo kavu. Kila kundi lina bwana wake, na akimega samaki wananyang'anyana mabaki ya sahani yake kama kuku.

Rabi Zelig haogopi kelele. Anaogopa kwamba miaka mia na zaidi iliyopita tulishampata mtu aliyewachezesha watu na kuwaambia wokovu umefika, na mwisho akasilimu mbele ya sultani, na nyumba ngapi zikaangamia. "Wote walianza kwa kucheza," anasema.

Sasa niulize na mimi. Kinoo gani hicho kinachotafutwa wiki mbili, na hapa Rovnitse vinauzwa sokoni? Shemeji alikwenda wapi?

Nduguyo, Getzel

*

Lubashin, tarehe 20 Adari ya Pili

Mdogo wangu,

Marahaba. Theluji imeanza kulegea na tope limetufika magotini, ndiyo maana Itche hakupita. Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa. Hapana, Getzel, si hiyo. Nimeiandika barua hii mara tatu na mara tatu nikaitia jikoni.

Anshel alikwenda Stepanke kwa Rabi Nute. Ndiyo, huyo huyo, bwana wa wachamungu wa upande huu. Alikwenda kwa kisingizio cha kinoo na akarudi na kisu.

Unajua visu vya wachinjaji wetu: chuma cha kufuliwa, kinene mgongoni. Cha sasa kimenolewa mpaka kinang'aa, chembamba kama ganda la kitunguu. Anshel anasema cha zamani, hata ukikinoa siku nzima, kina meno madogo ambayo ukucha hauyasikii lakini koo la kuku linayasikia. Halafu akaniambia, na uso wake mzito kabisa, kwamba pengine ndani ya kuku imo roho ya mtu aliyekosa zamani, inangoja mchinjaji safi aifungue. Nikamwambia, "Basi nimemkaanga shangazi yako Jumanne, na alikuwa mgumu kama alivyokuwa hai." Hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike ukuta.

Wanasali watu kumi kwenye chumba cha nyuma cha mtengeneza ngozi. Hilo bado ningelivumilia. Kinachonitoa jasho ni kwamba kila Alhamisi tangu tuoane alikuwa anampelekea rabi wetu kisu akipitishe ukuchani na kwenye nyama ya kidole kutafuta pengo, na sasa hampelekei. Anakipeleka Stepanke. Rabi wetu ni mzee, macho yamefifia, hajauliza bado. Siku atakayouliza, na msimamizi atasikia, na harusi ya Peshe itakuwa moshi.

Hili nalo nalisema kwa aibu: sikujua. Nilipokutumia yale mafuta nilidhani ni kisu cha siku zote. Nimegundua baada ya sikukuu ya Purimu. Wale mabata wanne walichinjwa kwa kisu kipya.

Zlate

*

Rovnitse, tarehe 2 Iyari

Dada yangu,

Barua yako ilinifikia siku ya tatu ya Pasaka. Watoto wazima. Toibe mzima. Soma hii kisha uichome, usiifiche chini ya godoro kama ulivyokuwa unaficha peremende.

Tulishakula, Zlate. Usiku wa kwanza na wa pili Toibe alikaanga kwa mafuta yako maandazi ya matza isiyo na chachu, viazi na vitunguu. Rabi Zelig, ambaye hula kama ndege, aliomba tena. Akasema tangu mkewe afariki hajaonja chakula chenye mkono wa mtu. Toibe kwa furaha akamwambia, "Mafuta ni ya kwa wifi yangu, Lubashin." Nilikuwa nimeshika kikombe na sikuona ubaya wowote, kwa sababu sikujua.

Mara tu baada ya sikukuu ikaja barua kutoka kwa marabi wa Vilna. Wamewatenga wachamungu. Mikusanyiko yao imevunjwa, maandishi yao yamechomwa hadharani, na miji yote inaombwa ifuate. Mahakama yetu itafuata. Wameandika masharti na mimi ndiye ninayeyanakili: mtu asikae nao ndani ya dhiraa nne, asiwape chumba cha kulala, asiozane nao, asiwazike. Na kisu cha kunolewa kile kimepigwa marufuku. Nyama yake ni nyamafu. Chombo kilichoipika ni najisi. Cha udongo kivunjwe.

Nilimuuliza Rabi Zelig, kama mwanafunzi tu, kwani sheria inataka nini zaidi ya kisu laini kisicho na pengo? Akajibu kwamba ubapa mwembamba hivyo hupata pengo kwa kugusa tu, na mchinjaji hatajua, na umma mzima utakula nyamafu. Kisha akasema, "Na mchinjaji asiyemwonyesha rabi kisu chake anaonyesha kwamba hana rabi." Hilo ndilo lililo chini ya yote. Wakiwa na mchinjaji wao, wana mji wao ndani ya mji, na hata kodi ya nyama inayolisha shule na maskini haikusanyiki.

Orodha ya majina inatayarishwa. Itasomwa kwenye kila sinagogi la wilaya. Mwambie shemeji arudishe kisu cha zamani. Mwambie leo.

Getzel

*

Lubashin, tarehe 10 Iyari

Getzel, Getzel, mdogo wangu,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Tuko hai.

Nimemwambia. Nimelia, nimetukana, nimevunja sahani ambayo haikuwa na kosa. Amekaa tu, mikono magotini. Akasema, "Zlate, miaka ishirini nimechinja na moyo wangu umelala. Yule mtu ameniamsha. Unataka nirudi kulala?" Nikamwambia ndiyo, lala, wenzako wote wamelala na binti zao wanaolewa! Akanishika kichwa kama mtoto. Kisu hakurudisha.

Mimi siwapendi hao wachamungu, ujue. Rabi Nute mwenyewe nilimwona mara moja alipopita hapa: mtu mdogo mwenye mafua, na wanaume wazima wanamkimbilia kama ndama. Lakini Anshel ndiye niliyepewa.

Basi naomba jambo moja, na nitalisema waziwazi kwa sababu sina nguvu ya kuzunguka. Kalamu ni yako. Orodha inapita mkononi mwako. Lubashin ni kijimji, nani ataikumbuka? Ruka jina lake. Mpaka harusi tu. Peshe akishaingia chini ya dari ya ndoa, na waandike wanachotaka.

Na kama huwezi, niandikie huwezi. Usininyamazie. Kunyamaza kwako nimekujua tangu ukiwa na miaka mitano, na ndiko kunakonitisha kuliko vyote.

Zlate

*

Rovnitse, tarehe 9 Sivani

Dada yangu,

Nimekunyamazia mwezi mzima, na najua umehesabu. Nilikuwa sijui nitafanya nini, na mtu asiyejua aandike nini?

Imefanyika juzi. Rabi Zelig alikuwa anataja mji na majina, mimi ninaandika. Alipofika Lubashin akasita. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha. Akauliza, "Lubashin kuna nani?"

Zlate, yeye anajua. Dada yangu ameolewa na mchinjaji wa Lubashin, na mafuta ya Lubashin alikula akaomba tena. Jina likiandikwa, basi mkuu wa mahakama amekula nyamafu usiku wa Pasaka, nyumbani kwa karani wake, na Rovnitse nzima itasema hivyo kabla ya jua kuzama.

Nikasema, "Hakuna mtu, Rabi."

Akageuka kutoka dirishani. "Andika basi. Lubashin: hakuna mtu." Tukaenda mji unaofuata.

Nimesema uongo mbele ya mahakama ya Torati. Usiku silali, na mchana mlango ukibishwa natupa kalamu. Toibe bado anapikia vyungu vile vile kwa sababu akivivunja majirani watauliza. Mwambie Anshel anyamaze tu. Simwombi atubu. Akae kimya, aitikie Amina pamoja na wengine, na arudi nyumbani. Itasomwa kwenu tarehe kumi na tisa, Sabato ikishakwisha.

Getzel

*

Lubashin, tarehe 22 Sivani

Mdogo wangu,

Huyu anayekuletea barua ni mama Mrusi anayeuza uyoga. Itche hapokei tena kitu kutoka mkononi mwangu. Mpe chai, amekuja kwa miguu.

Walifunga milango ya sinagogi. Sanduku la Torati likafunguliwa, mishumaa myeusi ikawashwa, pembe ikapulizwa, na mtoto wa mtu fulani akaanza kulia kule juu kwetu wanawake. Msimamizi ndiye aliyesoma, mkwe wetu mtarajiwa. Akasoma mji kwa mji. Aliposema "Lubashin: hakuna mtu," watu walishusha pumzi wote kwa pamoja, na mimi nilishika ukuta nikasema moyoni, Getzel, Mungu akulipe. Peshe alinibana mkono mpaka pete ikaniingia.

Lakini hukuniandikia, na mimi sikuweza kumwonya Anshel, kwamba jina la kwanza kabisa la laana, juu ya miji yote, ni la Rabi Nute. Ikafika mwisho. Na alaaniwe mchana na alaaniwe usiku, akiingia na akitoka, na umma wote useme Amina. Sinagogi lote likasema Amina. Wale tisa wanaosali naye kwa mtengeneza ngozi nao wakasema, nimewaona, ndevu zinatikisika. Anshel hakusema.

Jirani yake akamgeukia. Kisha wa mbele yake. Msimamizi akasema, "Bwana Anshel, hatujakusikia."

Ningeweza kushuka. Ningeweza kupiga kelele kwamba ana homa. Nilishika ukuta tu.

Akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Siwezi kumlaani aliyenifundisha kusali. Kama yeye yumo, na mimi nimo. Mmesahau kuniandika." Halafu akatoa kisu kwenye ala, akakiweka juu ya kiti chake, akasema, "Na kipimeni. Mwenye ukucha akipime."

Hakuna aliyekipima, Getzel. Waliruka nyuma kana kwamba ametoa nyoka. Hata rabi wetu mzee, ambaye amepima visu miaka arobaini, aliweka mikono nyuma.

Saa hiyo hiyo wakarudi nyuma dhiraa nne kila upande. Alitembea hadi mlangoni ukumbi ukijipasua mbele yake.

Jana mkwe amerudisha zawadi za uchumba kwa mkono wa mjakazi. Peshe tangu hapo ameshika ufagio. Anafagia tu. Muuza maziwa hatuuzii. Na wewe, je? Wamekufanya nini? Kama watakuuliza, sema nilikudanganya. Sema mimi ndiye nilikuandikia kwamba ametubu. Nakuruhusu, naapa.

Zlate

*

Rovnitse, tarehe 5 Tamuz

Dada,

Salamu siwezi. Ninaandika haraka na mlango umefungwa.

Habari zilitufikia kabla ya barua yako. Rabi Zelig aliniita. Alikuwa amevaa viatu kama mtu anayetaka kukimbia. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alisema, "Sikukuuliza juu ya mafuta na hukuniambia. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Akasukuma orodha mbele yangu. Nilifuta "hakuna mtu" na nikaandika: Lubashin, Anshel mchinjaji. Mwandiko wangu ule ule unaoujua, ule aliokufundisha mama ukanifundisha mimi. Ulitoka vizuri. Hilo linanichukiza kuliko yote.

Halafu nikaambiwa nisafishe nyumba yangu hadharani, kwa kuwa nina undugu naye. Toibe alitoa vyombo vya udongo uani, nikavivunja kwa nyundo, majirani wakiangalia. Rabi Zelig alisimama langoni. Kila chungu kilipopasuka alinitazama mdomo, kuona kama nitasema nani mwingine alikula humo. Sikusema. Siku hiyo hiyo aliacha kula kwetu, na sasa anakula mikate mikavu peke yake, na nasikia anafunga Jumatatu na Alhamisi.

Nimekuombea jambo na wamekubali. Laana ni ya Anshel. Mke anayetoka chini ya paa lake hakai chini ya laana. Atatakiwa akupe talaka, na mahakama itamlazimisha. Njoo na Peshe. Chumba cha nyuma kipo, Toibe ameshakitandika. Huku nitampatia mtoto mchumba, mbali na maneno ya Lubashin. Lakini uape mbele ya marabi wawili kwamba hukuwa radhi na kisu kile. Si uongo hata kidogo, dada. Hukuwa radhi.

Usipokuja kabla ya mfungo wa mwezi huu, barua hii ndiyo ya mwisho ninayoruhusiwa kukuandikia. Naogopa, Zlate. Naogopa kama nilivyokuwa naogopa radi, ukaniweka mgongoni kwako. Njoo.

Getzel

*

Lubashin, tarehe 14 Tamuz

Getzel wangu,

Toibe mzima? Mnunulie vyungu vipya, vya hapa ni dhaifu. Yule wa mwisho mfunge kifua kwa kitambaa cha sufu. Goti langu zuri tu, ajabu.

Kuna jambo ambalo sikukuandikia. Tangu niligundue lile la kisu, baada ya Purimu, sijala nyama ya mume wangu. Nampikia, nampakulia, nakaa mbele yake na kipande cha mkate na kitunguu, namwambia tumbo linaniuma. Miezi minne. Anachinja kwa ajili yetu, na mimi nilikuwa naogopa moto wa Jehanamu kwa ajili ya paja la kuku. Alijua. Siku ya kwanza tu alijua, na hakuniuliza hata mara moja. Kila Sabato aliniwekea kipande sahanini, na kila Sabato nilimpa paka nikidhani haoni.

Kwa hiyo umesema kweli, sikuwa radhi. Ningeweza kuapa mbele ya marabi wawili au ishirini.

Peshe nimemwambia aende kwako. Nimemfungia nguo. Amezifungua akazirudisha kabatini na kuendelea kufagia. Mwaka kesho nitajaribu tena, kama bado utafungua mlango.

Sabato iliyopita mchana tulikuwa watatu mezani. Hakuna mgeni, hakuna jirani, dirisha tumelifunga kwa sababu watoto wanatupa mawe. Nilitoa chungu kwenye tanuri, kuku na shayiri, kama kawaida. Anshel akabariki, akanikatia paja, akaliweka sahanini kwangu, akaangalia pembeni ili nipate nafasi ya kumwita paka.

Nilimwagia mchuzi kitambaa cha meza. Nilifikiria mama yetu. Nilifikiria Rabi Zelig na mikate yake mikavu. Nilifikiria jina langu nalo likisomwa mishumaa myeusi ikiwaka, kwa mwandiko wako mzuri.

Nikala, Getzel. Nikala mpaka mfupa.

Dada yako, Zlate, mke wa Anshel